Nyuzi 18 zilizozidi kwenye picha ya simu

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na walimu wao. Nimeiandika upya karibu kama nilivyoizungumza mbele ya ubao.

Walimu wenzangu, shikamooni walionitangulia. Wazazi mliofika, karibuni. Nanyi vijana, toeni karatasi moja tupu na bikari, maana leo mtachora zaidi ya kusikiliza.

Jumapili moja usiku mpwa wangu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alinitumia picha kwa WhatsApp. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alipiga ukurasa wa kitabu kwa mwanga wa tochi, akiwa ameinamia kitanda, simu ikiwa imelala upande. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe mmoja tu: "Mjomba, hili swali limekosewa. Majibu yanapingana."

Nikamwomba anitumie na kazi yake. Akanitumia. Ilikuwa safi, hesabu zote za kujumlisha na kutoa zilikuwa sahihi. Lakini mahali pamoja alipata pembe ya nyuzi 48, na swali lenyewe lilikuwa limeshatoa pembe hiyo hiyo kuwa nyuzi 30. Nyuzi 18 zimezidi. Akahitimisha kuwa mtunga swali ndiye aliyekosea.

Wengi wangefuta na kuanza upya, au wangechukua kipimapembe wapime kwenye kioo cha simu. Yeye alijua majibu yanapingana, na hilo ndilo lililotusaidia baadaye. Shughuli yetu leo ni kuzitafuta hizo nyuzi 18: zimetoka wapi?

Kwanza mchoro. Chora duara, nukta ya katikati uiite O. Fikiria uso wa saa ya ukutani, na hapa naomba tusome namba zilizoandikwa, tusiingie kwenye saa za Kiswahili tukapotezana. Kwenye namba 6, chini kabisa, weka A. Kwenye namba 3, chini yake kidogo, weka B. Karibu na namba 12, kushoto kidogo, weka C. Karibu na namba 10, chini yake kidogo, weka D. Sasa pitisha mstari ulionyooka chini ya duara, uguse pale A tu na usiingie ndani. Mwisho wake wa kushoto uite T, wa kulia uite S. Huo ndio tanjenti. Unganisha AB, BC, CD, DA, kisha AC na BD. Hizo sita ni nyugwe. Ugwe ni mstari unaounganisha nukta mbili zilizo kwenye mzingo wa duara. Najua wapo wanaouita kodi, lakini kodi tuwaachie TRA.

Swali lilitoa vitu vitatu. Pembe SAB ni nyuzi 42. Pembe TAD ni nyuzi 56. Pembe CBD ni nyuzi 30. Likataka pembe ACB, ABD, BAD, BCD, BAC na OAB, kila moja na sababu yake.

Kabla ya hesabu yoyote, tuulizane: picha ya simu imetuletea nini hasa?

Weka sinia mezani, ukae kwenye kiti, ulitazame. Unajua ni la mviringo, lakini jicho linaona umbo lililobanwa, duaradufu. Kamera nayo huona hivyo hivyo. Ukurasa ukipigwa kwa kuinamisha simu, duara linakuwa duaradufu, na pembe hubadilika, tena hazibadiliki kwa kiasi kimoja: nyingine hupanuka, nyingine hujifunga. Kwa hiyo kipimapembe juu ya picha ni kupoteza muda, hata kama mchoro wa kitabuni ulichorwa kwa vipimo kamili. Na mara nyingi haukuchorwa hivyo.

Urefu nao hupotea. Nusu ya duara iliyo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko nusu iliyo mbali, kwa hiyo O kwenye picha haikai katikati ya lile duaradufu. Hili huwashangaza watu. Ukipima katikati ya umbo unaloliona ukaweka nukta, nukta yako siyo kitovu cha duara la kitabuni.

Usambamba nao hupotea. Simama katikati ya reli utazame mbali: vyuma viwili vinakutana, na tunajua havikutani. Kinyume chake kinawezekana pia, na hiki ndicho kibaya zaidi kwetu. Mistari miwili isiyo sambamba kitabuni inaweza kuonekana sambamba pichani, ikiwa simu imeinama upande unaofaa.

Kinachobaki ni nini? Mstari ulionyooka hubaki umenyooka, ilimradi ukurasa haukujikunja na lenzi haipindishi kingo. Nukta iliyo juu ya mstari hubaki juu ya mstari. Mistari iliyokutana hubaki imekutana palepale. Na mstari uliogusa duara mahali pamoja hugusa duaradufu mahali pamoja. Kwa ufupi, picha inahifadhi nani anamgusa nani na nani anapita wapi. Kipimo haikihifadhi.

Hapo ndipo kanuni za duara zinapotufaa. Karibu zote huanza na habari za kugusa na kupita: mstari huu unagusa duara pale A, nukta hizi nne ziko kwenye mzingo mmoja, pembe hizi mbili zinatazama tao moja. Hizo ni habari ambazo picha mbovu bado inazo. Nyuzi zenyewe zinatoka kwenye maandishi ya swali, na kanuni inazisafirisha kutoka pembe moja hadi nyingine.

Kwa hiyo ukipokea picha, usikokotoe juu yake. Soma, kisha chora upya kwa mkono wako. Katika kusoma, herufi hudanganya: O na D hufanana kwenye mwanga hafifu. Alama ndogo ya nyuzi hugeuka sifuri, na nimewahi kumwona mtu akihangaika na pembe ya "nyuzi 300". Angalia pia kijitao kinachoonyesha pembe kimewekwa kati ya mistari ipi. Pale A kuna mistari mitano inayotoka sehemu moja, na 42 ikiwekwa kati ya AS na AC badala ya AS na AB, swali lote ni jingine.

Sasa tuanze kazi.

Pembe ya kwanza ni ACB. Tumepewa SAB, pembe kati ya tanjenti na ugwe AB. Kanuni inasema: pembe kati ya tanjenti na ugwe, pale unapogusia, ni sawa na pembe ambayo ugwe huo unaitengeneza kwenye mzingo katika kipande cha upande wa pili. Ugwe AB unagawa duara vipande viwili. Pembe yetu ya nyuzi 42 iko upande wa kipande kidogo, kile cha chini kulia. Kipande cha upande wa pili ni kile kikubwa chenye C na D. Kwa hiyo ACB ni nyuzi 42.

Kanuni hii ndiyo inayokaririwa bila kueleweka kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Yuklidi wa Iskandaria, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka kuwa ya 32 katika kitabu chake cha tatu, na njia yake bado ndiyo fupi. Toka A, chora kipenyo kupitia O hadi upande wa juu, pale kinapoishia paite E. Unganisha E na B. Tanjenti na nusukipenyo hukutana kwa pembe mraba pale panapoguswa, kwa hiyo EAS ni nyuzi 90. Ndani yake SAB imechukua 42, EAB inabaki na 48. Sasa tazama pembetatu AEB. Upande wake AE ni kipenyo, kwa hiyo pembe iliyo B ni pembe ya nusu duara, nyuzi 90. Inabaki pembe iliyo E: 180 toa 90 toa 48, nyuzi 42. Imerudi ileile! Na E na C wanatazama tao moja AB wakiwa upande mmoja wa ugwe, kwa hiyo pembe zao ni sawa. Ukiweka herufi badala ya 42, hoja haibadiliki.

Kuna namna nyingine ya kuiona, ambayo siiandiki kwenye mtihani lakini ndiyo iliyonifanya mimi niiamini. Shika nukta C kwa kidole. Iteleze juu ya mzingo kuelekea kushoto, ipite D, ishuke kuelekea A. Muda wote huo pembe ACB haibadiliki, maana inatazama tao lilelile AB. C inapokaribia A kabisa, mkono wa pembe unaotoka C kwenda B unakuwa karibu sawa na AB yenyewe. Na mkono unaotoka C kwenda A, ambao umebaki kijiti kifupi sana, unalala kwenye uelekeo wa tanjenti, ukielekea S. C ikifika A, pembe ACB imekuwa pembe SAB. Kumbe kanuni ya tanjenti na ugwe ni kanuni ya pembe za tao moja ikiwa imefikishwa ukingoni.

Njia hii ya kuteleza inakulinda na kosa moja la kila mwaka: kuipeleka 42 kwenye pembe isiyo yake. Jiulize, mikono ya pembe ninayoitaka inaishia wapi? Ikiwa inaishia A na B, na kilele chake kiko upande wa pili wa ugwe, ndiyo yenyewe. ACB inaishia A na B. ADB nayo inaishia A na B, kwa hiyo nayo ni 42. ABD inaishia A na D, kwa hiyo haihusiani na 42.

Basi ABD tuitafute kwenye tanjenti ya upande wa pili. TAD ni nyuzi 56, ugwe ni AD, na kipande cha upande wa pili ni kile chenye B na C. ABD ni nyuzi 56, kanuni ileile. Na ACD pia ni 56.

BAD haihitaji duara hata kidogo. T, A na S wako kwenye mstari mmoja ulionyooka, na pembe tatu zinazokaa juu yake pale A zinajumlisha 180. Toa 56, toa 42, inabaki 82. Sababu ya kuandika ni moja: jumla ya pembe kwenye mstari ulionyooka. Wanafunzi wengi hutafuta kanuni ya kifahari hapa, wanaandika kitu kirefu, wanapoteza alama. Ukitaka kuhakiki, pembetatu ABD ina 82, 56 na 42, na jumla yake ni 180.

BCD: nukta A, B, C, D zote ziko kwenye mzingo, kwa hiyo ABCD ni pembenne iliyomo ndani ya duara, na pembe zake zinazokabiliana hujumlisha 180. BAD ni 82, kwa hiyo BCD ni 98. Hakikisha pembe nne zote ziko kwenye mzingo kabla ya kuitumia kanuni hii. Pembenne OABC, kwa mfano, ina kilele kimoja kwenye kitovu, na kanuni haiihusu. Nimesahihisha karatasi nyingi zilizoanguka hapo.

BAC: tumepewa CBD kuwa nyuzi 30. Mikono yake inaishia C na D. Pembe CAD nayo inaishia C na D, na A na B wako upande mmoja wa ugwe CD. Kwa hiyo CAD ni 30, pembe za tao moja. Toa kwenye BAD yote: 82 toa 30, BAC ni 52.

OAB: nusukipenyo OA ni mraba kwa tanjenti, OAS ni 90, toa 42, jibu ni 48. Au upite njia ya pili. Pembe ya kitovu AOB ni mara mbili ya pembe ya mzingo ACB, yaani 84. Pembetatu OAB ni pembetatu pacha kwa kuwa OA na OB ni nusukipenyo za duara moja, kwa hiyo kila pembe ya chini ni 180 toa 84, gawa kwa 2, sawa na 48. Njia mbili zimetumia kanuni tofauti kabisa na zimekutana. Kwenye mtihani andika moja. Pembeni kwenye karatasi ya kazi fanya zote mbili.

Turudi kwa mpwa wangu na nyuzi zake 18.

Kazi yake ilikuwa na mistari miwili iliyonisimamisha. Wa kwanza ulisema: ABD ni nyuzi 42, kwa sababu BD ni sambamba na TS, na pembe za kiselezi ni sawa. Nikamuuliza, nani amesema ni sambamba? Akajibu, "Si unaona, mjomba?" Kweli, pichani vilionekana sambamba. Simu ilikuwa imeinama, na mwinamo wake uliisukuma BD ikalala. Lakini swali halikuandika neno sambamba popote, wala hapakuwa na vile vishale vidogo vinavyowekwa kwenye mistari sambamba. Na kutokana na tulichokokotoa, BD haiwezi kuwa sambamba. Kama ingekuwa hivyo, SAB ingelingana na ABD, na moja ni 42, nyingine ni 56. Tofauti ya nyuzi 14 ndiyo hasa pembe ambayo BD ingekutana na tanjenti ukizirefusha zote mbili kwenda kulia. Chora kwa kipimapembe uone: mteremko wa nyuzi 14 si mdogo kwenye karatasi, lakini picha iliumeza wote.

Mstari wa pili ulisema: ABC ni nyuzi 90, pembe ya nusu duara. Hapo aliamini kuwa AC ni kipenyo. Kosa hili nalihurumia zaidi, maana hata kwenye ukurasa wenyewe, ukipigwa picha wima kabisa, jicho lingedanganyika. Hebu tuone AC inapita umbali gani kutoka kitovuni. OAS ni 90. CAS ni 42 kuongeza 52, yaani 94. Kwa hiyo AC imepita pembeni ya O kwa pembe ya nyuzi 4 tu ukitazama kutoka A. Kwenye duara la nusukipenyo cha sentimita 4, hiyo ni chini kidogo ya milimita 3. Nukta iliyochorwa kwa wino mnene, mwanga wa tochi, picha iliyotikisika kidogo, milimita 3 zinaondoka. Tumesema kwamba nukta iliyo nje ya mstari hubaki nje ya mstari pichani, na ni kweli, lakini lazima uweze kuiona.

Unajuaje basi kama ugwe ni kipenyo? Usitumie jicho. Tafuta neno: swali liseme "AC ni kipenyo", au liseme "AOC ni mstari ulionyooka", au O iwe imechorwa juu ya mstari na herufi zake zitajwe kwa mpangilio huo. Au uithibitishe kwa hesabu, kwa kupata nyuzi 90 kutoka kwenye habari nyingine. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo.

Sasa unganisheni. Yeye alisema ABC ni 90, akatoa ABD ya 42, akapata CBD ni 48. Ukweli ni kwamba ABC ni 56 kuongeza 30, yaani 86, na ABD ni 56. Aliiongezea ABC nyuzi 4, akaipunguzia ABD nyuzi 14, na kwa kuwa alitoa ya pili kwenye ya kwanza, makosa yote mawili yakamsukuma upande uleule. Nyuzi 14 na nyuzi 4 ni nyuzi 18. Swali halikukosewa. Jicho lilileta habari mbili ambazo swali halikuzitoa, na kila moja ikaacha alama yake kwenye tofauti ile.

Nilimfundisha uhakiki mmoja, nanyi mwufanye sasa hivi. Kila pembe ya mzingo ni nusu ya tao inalolitazama, kwa hiyo zidisha mara mbili. ACB ya 42 inatupa tao AB la 84. BAC ya 52 inatupa tao BC la 104. CBD ya 30 inatupa tao CD la 60. ABD ya 56 inatupa tao DA la 112. Jumlisha: 84, 104, 60, 112. Ni 360, duara limefunga. Kwa mahesabu yake yeye, ABD ya 42 ingetoa tao DA la 84, na TAD ya 56 inadai 112. Andika hizo namba nne kwa penseli nje ya mzingo wa mchoro wako, na kila pembe ya ndani utaisoma kwa kugawa kwa mbili. Ila kumbuka kuwa huo ni uhakiki tu. Mtahini anataka kanuni iliyotajwa kila hatua, na mtaiandika kwa Kiingereza kama mlivyofundishwa darasani; kufikiri ndiko tunakofanya kwa Kiswahili.

Swali moja lilitoka nyuma, kwa binti wa kidato cha tatu, nami naliweka hapa kwa sababu ni zuri. Aliuliza: kama picha ingekatika pembeni, ile 30 isionekane, tungeweza kupata nini?

Tuone. SAB na TAD zinaifunga B na D mahali pake kwenye duara. Hazina pa kwenda. C ndiyo iliyobaki huru kuteleza kwenye tao la juu kati ya B na D. Kwa hiyo jiulize, pembe gani hazibadiliki C ikiteleza? ACB inabaki 42. ABD inabaki 56, BAD inabaki 82, OAB inabaki 48. Hata BCD, ambayo kilele chake ni C yenyewe, inabaki 98 popote C itakapokaa kwenye tao hilo. Ni BAC peke yake kati ya sita zilizoulizwa ambayo inabadilika. Bila ile 30 usingeweza kuipata, na ingekupasa kuandika hivyo na kuomba picha nyingine.

Na kwa kuwa C inateleza, tuwatazame tena wale wawili waliomdanganya mpwa wangu. Iteleze C kidogo kwenda kulia, mpaka AC ipite juu ya O kweli. Hapo OAB na BAC zinakuwa pembe moja, nyuzi 48, na CBD inakuwa 34. Kwa maana hiyo, kama mtunga swali angeandika 34 mahali pa 30, AC ingekuwa kipenyo halali, na mstari wake wa pili ungekuwa sahihi hata kama hakujua kwa nini. Lakini ule wa kwanza, wa kusema BD ni sambamba na tanjenti, hakuna mahali pa kuipeleka C ambapo ungekuwa kweli. BD haimtegemei C kabisa. Ingebidi 42 na 56 ziwe namba moja.